Pasi na poliesta: joto la kila aina ya uzi, na kwa nini buibui hung'aa kabla ya kuyeyuka

Buibui jeusi likipigwa pasi vibaya, alama huanza kuonekana pale kitambaa kilipojikusanya: juu ya mishono ya mabega, kwenye ukingo wa pindo, kuzunguka mdomo wa mfuko. Ukilisimamisha kwenye mwanga unaona mstari unaong'aa unaofuata mshono ule ule ulio ndani. Watu husema limeungua, lakini halijaungua. Nyuzi zake zilibonyezwa zikiwa zimelainika, zikawa bapa, kisha zikapoa zikiwa katika umbo hilo.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa anayeshika pasi. Mng'ao hutokea kwenye joto la chini sana kuliko lile la kuyeyusha, kwa hiyo pasi inaweza isinate hata kidogo, isitoe harufu wala moshi, na bado nguo ikaharibika. Anayengojea dalili ya kunata ndipo apunguze moto huwa keshachelewa.

Kinachotokea ndani ya uzi

Poliesta ya nguo ni plastiki ile ile ya chupa za maji ya kunywa, ila imevutwa ikawa nyuzi nyembamba. Mimina maji yanayochemka kwenye chupa kama hiyo uone: inanywea na kujikunja papo hapo, ingawa maji hayo hayajakaribia joto la kuiyeyusha. Uzi wa poliesta nao hufanya vivyo hivyo chini ya pasi.

Mambo hubadilika kwa hatua. Kuanzia digrii 70 hadi 80 hivi za Selsiasi, minyororo ya molekuli ndani ya uzi huanza kulegea na kuweza kusogea kidogo. Chini ya hapo uzi ni mgumu na hurudia umbo lake. Juu ya hapo hukubali kupewa umbo jipya, na jinsi joto linavyopanda ndivyo unavyokubali kwa wepesi zaidi. Kwenye digrii 230 hivi uso wake huanza kunata kwenye chuma. Kwenye digrii 255 hivi huyeyuka kabisa ukawa majimaji mazito. Kazi yote ya kupiga pasi poliesta hufanyika kwenye nafasi pana iliyo kati ya hatua ya kwanza na ya pili, na ndani ya nafasi hiyo hiyo mna mng'ao.

Sasa tazama kitambaa kwa karibu. Kila uzi umefanywa na vijinyuzi vingi, vya duara au vyenye kona, vilivyosokotwa pamoja. Mwanga ukivipiga hutawanyika pande zote, ndiyo maana kitambaa huonekana kimefifia kwa utulivu. Pasi ya moto ikikandamiza, migongo ya vijinyuzi vile hulala na kuungana kuwa uso mmoja laini, na uso laini hurudisha mwanga upande mmoja. Jicho likiwa upande huo huona mng'ao. Kwenye nguo nyeupe au yenye maua hata hutaona. Kwenye nyeusi, bluu ya giza na kijivu cha sare, ambako kitambaa chenyewe hakirudishi mwanga mwingi, sehemu ndogo tu iliyolala bapa hujitangaza.

Kwa hiyo mng'ao unahitaji mambo mawili kwa pamoja: joto na mkandamizo. Kwenye mshono kitambaa kina tabaka tatu au nne, basi uzito wote wa pasi hukalia kitu kama ukingo mwembamba badala ya kusambaa kwenye bamba zima. Ndiyo sababu alama hufuata mishono hata pale ambapo sehemu nyingine ya nguo imetoka salama kwa joto lile lile.

Pamba iko mbali na habari hizi. Haiyeyuki kwa joto lolote. Ikizidiwa hugeuka manjano, halafu kahawia, halafu mkaa. Mikunjo yake hushikiliwa na vifungo dhaifu kati ya molekuli ambavyo maji huvifungua. Pamba iliyokaa kwenye hewa ya kawaida huwa na maji karibu asilimia 8 ya uzito wake, na ukiinyunyizia hunywa zaidi. Pasi huja kuyafukuza maji hayo kitambaa kikiwa kimenyooshwa. Poliesta haifikishi hata asilimia 1. Kuilowesha hakulainishi uzi wake. Maji kwenye poliesta yana kazi nyingine: yanapogeuka mvuke hubeba joto na kulisambaza, na maadamu kitambaa cha juu bado kimelowa, joto linalofika chini haliwezi kupita sana digrii 100.

Joto la kila aina ya uzi

Alama ya pasi kwenye lebo ya nguo huwa na nukta moja, mbili au tatu. Katika mpangilio wa kimataifa uliozoeleka, nukta moja ni bamba lisilozidi digrii 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Pasi iliyokatwa kwa msalaba maana yake usiguse kabisa. Nukta kwenye kitufe cha pasi hufuata mpangilio huo huo, kwa kukisia zaidi kuliko kwa usahihi.

Nukta tatu ni za pamba na kitani tu. Kanga, mashuka, mashati ya pamba tupu, vitenge vya pamba: vyote vinastahimili digrii 200 vikiwa na unyevu. Kitani ndicho kigumu zaidi kunyooka, na kikikauka kabla ya pasi hutashinda.

Nukta mbili ni za sufu, poliesta, viskosi na mchanganyiko wa pamba na poliesta. Sufu hupigwa kwa kitambaa chenye unyevu juu yake, kwa kubonyeza na kuinua, kwa sababu joto kavu huikausha na kuifanya ikatike. Viskosi, ambayo madera mengi mepesi yametengenezwa nayo, ina asili ya mmea kama pamba na haiyeyuki, lakini ikilowa huwa dhaifu na hulala bapa kirahisi; ipige kwa ndani ikiwa na unyevu kidogo tu. Hariri iko kati ya moja na mbili, na usiirushie matone ya maji, maana huacha madoa.

Nukta moja ni za nailoni, akriliki, asetati na chochote chenye spandeksi nyingi, ule uzi unaovutika kama mpira. Nailoni ipo ya aina mbili; moja huyeyuka kwenye digrii 215 hadi 220 hivi na nyingine 255 hadi 260 hivi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, basi zote zitendee kama ya kwanza. Asetati, ambayo mara nyingi ndiyo bitana ya makoti, hulainika mapema sana na hunata kwenye pasi ya nukta mbili.

Polipropilini iwekwe kando: huyeyuka kwenye digrii 160 hadi 165. Utaikuta kwenye mifuko ya kununulia sokoni ya kitambaa kisichofumwa, kwenye mikeka na kwenye baadhi ya nguo za michezo. Haihitaji pasi.

Nguo ikiwa na nyuzi mchanganyiko, fuata ule uzi dhaifu kuliko wote, hata kama ni sehemu ndogo. Shati la pamba asilimia 97 na spandeksi asilimia 3 halipigwi kama pamba. Ile asilimia 3 ndiyo inayolirudisha shati kwenye mwili, na ikipikwa kila wiki hufa: shati hubaki na viwiko vilivyotokeza.

Lebo ikiwa haipo

Nguo za mitumba mara nyingi zimekatwa lebo, na buibui lililoshonwa na fundi halina lebo tangu mwanzo. Hapo uzi wenyewe ndio utakaosema.

1. Geuza nguo, tafuta ziada ya kitambaa ndani ya mshono au pindo, uchomoe nyuzi mbili tatu zenye urefu wa sentimita 5 hivi. Chomoa za wima na za mlalo, kwa sababu zinaweza kuwa tofauti.
2. Zisokote pamoja, uzishike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani au sinki. Usishike kwa vidole: plastiki iliyoyeyuka hudondoka na kuganda kwenye ngozi.
3. Sogeza ncha taratibu kwenye moto wa kiberiti ukitokea pembeni, uangalie inavyofanya kabla haijagusa moto.
4. Iondoe, unuse moshi kwa mbali, uache ipoe kabisa, kisha ponda kilichobaki kwa vidole.

Pamba na viskosi hazikimbii moto. Huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu jepesi linalopulizwa. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na huacha donge jeusi linalopondeka. Poliesta hunywea na kurudi nyuma kabla haijaguswa na moto, huyeyuka huku ikiwaka kwa moshi mweusi, na huacha shanga ngumu isiyopondeka. Nailoni hufanya karibu hayo hayo, ila moshi wake ni mchache. Akriliki huwaka kwa kasi ya kutisha na kuacha donge jeusi lenye kona. Ukipata jivu lenye chembe ngumu katikati, huo ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na utaratibu wake ni wa poliesta.

Ijue pasi yako

Pasi ya umeme haikai kwenye joto moja. Ndani yake mna themostati ya vipande viwili vya metali vilivyounganishwa, ambavyo hupinda vikipata moto na kukata umeme. Vikipoa hunyooka na kuurudisha. Joto la bamba hupanda na kushuka kwa kufuata mchezo huo. Mpando wa kwanza, ule wa baada ya kuiwasha, ndio mbaya kuliko yote: taa huzimika, lakini moto uliokwisha kuingia kwenye chuma huendelea kusambaa na bamba hupita kile ulichokiweka. Mabuibui mengi huharibika katika dakika hiyo. Subiri taa izimike, iwake, izimike tena, ndipo uanze.

Kupoa kwake ni kwa polepole. Ukitoka kwenye kanga ukashusha kitufe hadi nukta moja, bamba litabaki na moto wa pamba kwa dakika nyingi, hasa la pasi nzito. Panga nguo zako kwa kuanzia nailoni na bitana, halafu poliesta, halafu mchanganyiko, na pamba iwe ya mwisho. Na pasi ya mvuke ikiwekwa kwenye nukta moja haina moto wa kutosha kugeuza maji kuwa mvuke, hutema matone. Ukiwa kwenye nukta moja zima mvuke.

Pasi ya mkaa haina themostati, lakini haimaanishi kwamba haipimiki. Dondosha tone la maji kwenye bamba ukiwa umeliinamisha kidogo, uso wako mbali. Tone likitanda na kutokota taratibu, uko juu kidogo ya digrii 100, joto la nailoni na hariri. Likichemka kwa kishindo na kuisha mara moja, uko karibu na 150. Likigeuka kishanga na kuteleza bila kulowesha chuma, limekaa juu ya tabaka la mvuke wake lenyewe, na bamba liko karibu na digrii 200 au zaidi. Hapo ni kanga na kitani. Chochote chenye plastiki kisubiri. Kufunga matundu ya hewa hupunguza kasi ya mkaa, lakini chuma kinene hakishuki upesi, kwa hiyo pima tena kabla ya kila nguo ya poliesta. Kingine ni majivu: pasi ya mkaa ikitikiswa hutema vumbi la cheche, na cheche moja kwenye poliesta ni tundu lenye ukingo mgumu.

Mfano: buibui jeusi la poliesta, hatua kwa hatua

Tuchukue buibui la nida, kitambaa cheusi chepesi kinachoanguka vizuri, lenye mkanda wa nakshi na vijiwe mikononi. Limetoka kufuliwa na limekauka.

Unahitaji kitambaa cheupe cha pamba cha kufunikia, kipande cha shuka kuukuu kinatosha, kikiwa na upana wa sentimita 50 kwa 70 hivi. Kisiwe cha rangi. Rangi yake inaweza kuhamia kwenye nguo. Tafuta pia taulo lenye manyoya, bahasha ya kaki uliyoikata vipande virefu vyenye upana wa vidole vitatu, na chupa ya kunyunyizia.

1. Geuza buibui ndani nje. Hata ukikosea, alama itabaki upande usioonekana.

2. Weka pasi katikati ya nukta moja na mbili. Lebo ya poliesta huruhusu mbili, lakini hicho ni kikomo cha nguo kutoharibika, si joto linalohitajika. Poliesta nyembamba hunyooka kwenye digrii 120 hadi 130. Subiri taa izimike mara mbili.

3. Jaribu kwanza kwenye ziada ya mshono wa chini. Weka pasi kwa sekunde 3 bila kufunika, inua, acha pale papoe kwa nusu dakika, kisha pageuze kwenye mwanga wa dirisha huku ukibadilisha pembe. Ukiona mng'ao, shusha moto na urudie pembeni. Usipime kwa mkono wala kwa kutazama kitambaa kikiwa bado moto, kwa sababu mng'ao hujionyesha vizuri kikishapoa.

4. Anza na sehemu pana za mgongo na mbele. Tandika kitambaa cheupe ulichokilowesha na kukikamua mpaka hakidondoki. Bonyeza kwa sekunde 4 au 5, inua pasi wima, isogeze, bonyeza tena. Ukiiburuta pasi juu ya poliesta yenye moto utakivuta kitambaa kwa mshazari, na kwa kuwa kimelainika kitapoa kikiwa kimevutwa hivyo. Pindo la buibui huanza kujipinda bila sababu unayoiona.

5. Acha sehemu uliyoibonyeza ilale pale pale mpaka mkono usisikie joto. Hatua hii hurukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayonyoosha nguo. Uzi hushika umbo wakati wa kupoa. Ukiinua kitambaa kikiwa na moto na kukikusanya ili upate nafasi ya upande wa pili, unakipigia mikunjo mipya kwa ustadi ule ule uliotumia kuiondoa ya zamani. Nusu dakika hadi dakika moja hutosha kwa kitambaa chepesi.

6. Kwenye mishono, fungua zile ziada mbili za ndani na uingize kipande cha bahasha chini ya kila moja, kati yake na kitambaa cha buibui. Karatasi husambaza ukingo usijichore upande wa mbele. Bonyeza kwa ncha ya pasi pekee, bila kuegemea. Kwa pindo lililokunjwa, pasi ikome kabla ya kufika kwenye ukingo wa mkunjo.

7. Mikono yenye nakshi ilaze juu ya taulo, nakshi ikitazama chini ili vijiwe vizame kwenye manyoya. Vijiwe vingi vya namna hii vimebandikwa kwa gundi inayoshika kwa moto, na gundi inayoshika kwa moto huachia kwa moto. Funika, bonyeza sekunde 2 au 3, acha ipoe kabisa kabla ya kugeuza. Vijiwe vikiwa vya plastiki, usipeleke pasi hapo. Badala yake tundika nguo bafuni wakati wa kuoga maji ya moto, ipate mvuke.

8. Tundika kwenye henga pana na usilikunje kwa robo saa.

Mkunjo sugu ukikataa, usiongeze moto. Ongeza unyevu kwenye kitambaa cha juu na muda wa kubonyeza kwa sekunde mbili tatu. Ukiona bado, huenda mkunjo ule uliwekwa na joto kubwa zaidi hapo awali, na umeshakuwa umbo la uzi. Mkunjo huo hauondoki mpaka joto lifikie au kuzidi lile lililouweka, na kwenye nguo nyeusi bei yake ni mng'ao. Afadhali mkunjo.

Sare za shule na nguo nyingine za kila siku

Suruali na sketi nyingi za sare ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, au poliesta na viskosi. Nukta mbili zinatosha. Nyunyizia kwanza, uache dakika chache maji yaingie kwenye sehemu ya pamba, kisha piga kwa ndani. Mstari wa mbele wa suruali pekee ndio upigwe kwa nje, chini ya kitambaa. Ikiwa makalio ya suruali yanang'aa, angalia umbo la alama kabla ya kulaumu pasi. Mng'ao wa pasi hufuata mishono na midomo ya mifuko. Ule uliotanda bila mpaka ni wa msuguano wa benchi, na hata pasi ya baridi isingeuzuia.

Sweta la sare kwa kawaida ni akriliki. Akriliki haiyeyuki haraka chini ya pasi, hulegea. Joto na mvuke huua mnepo wa nyuzi zake, na sweta lililokuwa limekaza hubaki limening'inia, refu mikononi, na hakuna ufuaji utakaolirudisha. Lilaze bapa likauke, basi.

Jezi ni poliesta iliyochapishwa, na nambari za mgongoni mara nyingi ni plastiki laini iliyobandikwa kwa moto. Igeuze ndani nje, nukta moja, na usiipige jezi nambari ikiwa imegusana na kitambaa kingine: plastiki ya nambari hunata upande wa pili. Joto likizidi digrii 180 hivi, hata rangi zenyewe za poliesta huanza kuhama zikiwa mvuke. Ukiona kitambaa chako cheupe cha kufunikia kimepata kivuli cha rangi ya nguo ilhali nguo haichuji majini, pasi ina moto mwingi.

Kuna mtego ndani ya nguo za pamba tupu pia. Uzi wa kushonea siku hizi karibu wote ni poliesta, hata kwenye shati ambalo lebo yake inasema pamba asilimia mia. Pasi ya nukta tatu iliyo nzima haiufikii moto wa kuuyeyusha. Pasi ya mkaa iliyoachwa ijitwalie, au ya umeme ambayo themostati yake imeganda, huufikia: kitambaa hutoka kizima, mshono unafumuka siku ya pili ya kuvaa. Ukitazama ncha za uzi uliokatika kwa makini utaona kila moja ina kidonge kidogo kigumu.

Alama ikishatokea

Pitisha ukucha juu yake. Kama kitambaa bado ni laini na kinakunjika kama kingine, nyuzi zimelala tu. Kama ni kigumu na ukucha unateleza kama juu ya nailoni ya mfuko, vijinyuzi vimeyeyuka na kushikana, na hiyo haina dawa. Siki wala magadi havitenganishi plastiki iliyoungana. Fundi anaweza kupunguza pindo au kuficha kwa nakshi.

Nyuzi zilizolala za sufu huinuka vizuri. Weka taulo lililoloweshwa na kukamuliwa juu, sogeza pasi ya nukta mbili iguse bila uzito wake kukaa, uache mvuke upenye kwa sekunde 5 au 6, kisha piga mswaki laini kinyume na lalio la kitambaa kikingali na moto. Poliesta hufanyiwa hivyo hivyo na hupungua mng'ao, ila usitarajie uishe, kwa sababu umbo bapa limeshakuwa umbo lake. Mara mbili bila mabadiliko, acha.

Njano nyepesi kwenye pamba mara nyingi hutoka ukiilowesha na kuifua mapema. Kahawia ni uzi uliokwisha kuungua, na utachanika hapo hapo.

Plastiki ikibaki kwenye bamba isiachwe mpaka kesho, maana moto utakaofuata utaigeuza kahawia na kuibandika kwenye kola ya shati jeupe. Washa pasi mpaka mabaki yalainike tu, bila kufikia kutoa moshi, chomoa kwenye umeme, kisha yasukume kwa ukingo wa kijiko cha mbao. Yanayobaki yasugue kwa kusogeza pasi juu ya kitambaa kikavu cha pamba kilichokunjwa mara nne, ukibadilisha upande kila kinapochafuka. Bamba lenye utando wa kutonata lisiguswe kwa kisu wala waya wa kusugulia sufuria. Likichubuka, ukingo wa mchubuko utakwaruza kila kitambaa chepesi kitakachopita chini yake. Pasi ya chuma kitupu unaweza kuimalizia kwa chumvi laini iliyotandazwa juu ya gazeti, pasi ikiwa ya uvuguvugu, halafu ifute na uijaribu kwenye tambara jeupe kabla ya kuigusisha nguo ya mtu.